Mama unayenyonyesha, usimwage kiini cha yai

Akina mama, leo tuongelee kimanda cha ute mtupu. Wengi mnakila baada ya kujifungua ili kupunguza mafuta. Ni kweli, mafuta ya yai yako kwenye kiini, kama gramu 5 kwa yai moja. Ila hebu angalia kikaangio chako: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama gramu 14, karibu sawa na viini vitatu ulivyomwaga!

Na kwenye kiini ndimo zilimo vitamini A na D, pamoja na kolini inayosaidia ubongo wa mtoto kukua. Ute una protini nzuri, lakini hivyo vingine hauna. Anayenyonyesha anahitaji miligramu 550 za kolini kwa siku, maana nyingine inaingia kwenye maziwa.

Mimi nashauri hivi: kaanga mayai mawili mazima kwa kijiko cha chai cha mafuta. Mafuta yote yatakuwa gramu 15 hivi, karibu sawa na ute uliokaangwa kwa kijiko kikubwa, na umeshapata nusu ya kolini ya siku. Kama daktari amekuwekea mipaka kwa sababu ya kolesteroli, fuata ushauri wake.