Ese ikiisha, kunyamaza kwa kampuni ni jibu

Kwa sisi watu wa sendika, kuko ulizo moja linarudi kila mwezi, ikuwe Kolwezi, Likasi ao Fungurume. Mufanyakazi anakuja na kontra yake ndani ya sachet, anasema: «Ese yangu ilishaisha, lakini biro ya personeli haijanipa barua ya kunihakikisha. Sasa mimi ni nani ndani ya kampuni?» Wengi wanajijibu wao wenyewe. Wanazani bado wako katika ese, na kampuni inaweza kuwarudisha nyumbani asubuhi yoyote. Tunawaambia hapana. Katika sheria ya inchi yetu, kampuni ikinyamaza na mutu akiendelea kutumika, ile kunyamaza ni jibu, na jibu lenyewe ni ndiyo.

Tuangalie artikli ya 43 ya Kode ya Kazi, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inasema kwanza kwamba ese inapaswa kuandikwa. Kama haikuandikwa, mufanyakazi anahesabiwa kuwa ameingia kabisa tangu siku ya kwanza. Kisha inaweka mupaka: mwezi 1 kwa manevri asiye na ufundi, miezi 6 kwa wafanyakazi wengine. Kama kontra inaandika zaidi ya pale, sheria yenyewe inakata ile ya zaidi. Kwa hiyo manevri mwenye alitia sahihi kwa ese ya miezi 3, ese yake iliisha kisha mwezi 1, hata kama karatasi inasema namna ingine. Mwisho, artikli inasema kwamba mutu akiendelea na kazi kupita ule mupaka, kontra yake inahakikishwa yenyewe. Sheria haisemi «kisha mukubwa kutia sahihi». Inasema yenyewe.

Sasa barua iko na kazi gani? Iko ushuhuda tu. Mutoto akizaliwa amezaliwa, hata kama baba hajaenda bado komine kumuandikisha. Karatasi ya komine inasaidia sana, lakini si yenyewe ilizaa mutoto.

Tutoe kesi moja yenye ilitufikia. Ni fundi wa moto, mwenye alitumika kwa kampuni ndogo inayopewa kazi na ile kubwa ya karieri. Kontra yake ilikuwa ya muda usiojulikana, na ese ya miezi 6 kuanzia tarehe 3 ya mwezi wa pili. Ese iliisha basi tarehe 2 ya mwezi wa nane. Hakuna mwenye alimuita. Aliendelea kupanda bisi ya kampuni, alitia kidole kwa pwenti kila siku, alilipwa mwezi wa nane muzima. Tarehe 19 ya mwezi wa tisa wakamupa barua: «Ese haikuwa muzuri, tunakupa preavi ya siku 3.»

Ile preavi ya siku 3 za kazi iko ndani ya sheria, ndiyo, lakini ni ya mutu mwenye angali katika ese. Yeye alishatoka katika ese wiki karibu saba mbele. Kwake sheria inaomba vitu vingine. Barua ya kumuondoa inapaswa kusema sababu wazi, na ile sababu ikuwe ya kweli: uwezo wake, mwenendo wake, ao hali ya kazi ya kampuni yenyewe. Preavi yake ni siku 14 za kazi kwa uchache, na siku 7 zinaongezeka kwa kila mwaka muzima wa utumishi. Kama hakuna sababu ya kweli, tribinali ya kazi inaweza kuamua arudishwe kazini ao alipwe malipo ya hasara, na hayo yanaweza kufika hata mishahara ya miezi 36.

Mbele ya enspekta wa kazi, mutu wa personeli alisema: «Tulikuwa hatujaamua bado.» Enspekta aliomba vitu viwili tu: kontra, na buleteni ya malipo ya mwezi wa nane. Aliweka moja pembeni ya ingine, akasoma tarehe. Kampuni ikarudisha barua yake.

Sasa tuseme pia mahali sheria haifike, juu tusidanganye mutu. Kuhakikishwa hakugeuze aina ya kontra. Kama ulitia sahihi kwa kontra ya mwaka 1, kunyamaza kunakutoa katika ese, lakini kontra inabaki ya mwaka 1 na itaisha kwa tarehe yake. Tena, kuhakikishwa si ukuta: mwenye anaiba mafuta ya kamio ataondolewa, hata kama yuko na miaka 10.

Kuko pia kesi ngumu kidogo: kontra inaandika ese ya miezi 3, mutu anaingia mwezi wa 4, hakuna neno. Kampuni inasema sheria inaruhusu mpaka 6. Sisi tunajibu hivi: sheria inaomba ese iandikwe, na ile iliyoandikwa ni 3. Ule mwezi wa 4, kampuni inaweza kutuonyesha wapi uliandikwa? Kama haina karatasi, haina ese.

Na hapa ndiyo mutego. Biro ya personeli ikishitukia tarehe ilishapita, inamuita mutu jioni, kisha pwenti, mwenyewe amechoka: «Tia sahihi hapa, ni formalite tu.» Ukisoma, ni ese ya pili, ao karatasi ya kuongeza ese yenye tarehe ya nyuma. Usitie sahihi palepale. Omba kopi, peleka kwa delege wa sendika. Kama wanakulazimisha, andika kwa mukono wako tarehe ya kweli ya ile siku pembeni ya sahihi yako.

Tena usiandike barua ya kuomba uhakikishwe. Mwenye kuomba anaonyesha kwamba hana bado. Andika mistari mitatu tu: niliingia tarehe fulani, ese iliisha tarehe fulani, ninaendelea na kazi mpaka leo, kwa hiyo ninashuhudia kwamba kontra yangu imehakikishwa kwa nguvu ya artikli ya 43. Wapokee, watie muhuri kwa kopi yako. Wakikataa, delege aipeleke. Na buleteni zote za kisha ese, na karatasi ya zamu yenye jina lako, zibaki nyumbani, hapana ndani ya kabati ya kazi. Siku wanakata baji yako, ile kabati hautaifungua tena.

Juu ya nini kampuni zingine zinapenda kunyamaza? Tunaona wazi: mutu mwenye anazani yuko katika ese hakatae kushuka mahali hakuna hewa, haombe maske mupya, haulize saa za zaidi. Ile woga ni faida kwao. Kwa wakubwa wa personeli tunasema neno moja: kama mutu hawezi kazi, mwambieni mbele ya siku ya mwisho ya ese, sheria inawaruhusu kwa preavi ya siku 3. Lakini kama mumeacha ile siku ipite na kesho yake mumemupa zamu, mumeshamuajiri. Mumupe barua yake.