Akiba ya mkimbizi anayeondoka Uganda: kuichukua au kuiacha?

Tuchukue mfano wa muuguzi mwenye umri wa miaka 35, mzaliwa wa Kivu Kusini, anayeishi Nakivale na ambaye kwa miaka sita amefanya kazi ya mshahara Ruharo, mjini Mbarara. Sasa familia yake imekubaliwa kuhamia Marekani. Miongoni mwa mambo ya kuamua kabla ya safari ni michango yake katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wa Uganda, NSSF. Je, aichukue sasa, au aiache hadi uzeeni?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa haki ya kuajiriwa, na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 24, unataka wakimbizi watendewe kama raia katika hifadhi ya jamii. Kwa hiyo mshahara wake hukatwa kama wa mwenzake Mganda: asilimia 5 yake, na mwajiri huongeza asilimia 10. Akilipwa shilingi 800,000 kwa mwezi, mfukoni huingia shilingi 120,000. Kwa miezi 72, hiyo ni shilingi 8,640,000 kabla ya kuhesabu riba.

Wengi huogopa kwamba akichukua fedha hizo atakuwa ameuza pensheni yake. Hofu hiyo ina msingi katika nchi nyingine, lakini si hapa. NSSF ya Uganda ni mfuko wa akiba. Mwanachama anapofikisha miaka 55 hupewa kilicho chake kwa mkupuo, pamoja na riba, wala hakuna malipo ya kila mwezi hadi kufa. Malipo ya anayehama nchi moja kwa moja hutoka katika akaunti hiyo hiyo. Hivyo anachopoteza anayeichukua mapema si pensheni, bali riba ya miaka iliyobaki.

Linganisha na Ujerumani, ambako mfumo ni wa pensheni hasa. Raia wa Afrika Mashariki aliyechangia huko kwa chini ya miezi 60 kisha akaondoka Ulaya anaweza, baada ya kusubiri miezi 24, kurejeshewa fungu lake tu. Fungu la mwajiri hubaki, na haki zote za miaka ile hufutika. Huko kuchukua ni kuuza kweli, tena kwa nusu bei.

Riba ya Uganda, kwa upande wake, si jambo dogo. Mfuko ulitangaza asilimia 10 kwa mwaka wa fedha wa 2022/23 na asilimia 11.5 kwa mwaka uliofuata, ingawa hakuna ahadi kwamba viwango hivyo vitadumu. Tukichukulia asilimia 10 kila mwaka, shilingi milioni 8.64 za muuguzi wetu zitakuwa takriban milioni 58 atakapotimiza miaka 55. Hata hivyo, hizo ni shilingi, naye ataishi kwa dola. Mwaka 2005 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 1,750. Miaka 20 baadaye ilizidi 3,500. Thamani ya shilingi ikipungua kwa nusu tena, milioni 58 zitakuwa kama milioni 29 za leo. Bado ni zaidi ya mara tatu ya alichoacha. Kwa asiye na shida ya haraka, kusubiri kuna faida. Kwa anayehitaji kodi ya nyumba ya miezi ya kwanza ugenini, hesabu hiyo haina maana kubwa.

Jambo moja lisimdanganye: miaka yake ya Mbarara haitaongezwa kwenye miaka ya Marekani. Huko pensheni ya uzeeni kwa kawaida hudai takriban miaka kumi ya kazi, na Marekani haina mkataba wa kujumlisha michango na Uganda. Akiiacha fedha Kampala, itabaki akiba ya Kampala.

Kwa anayerejea Kongo swali ni zito zaidi. Malipo haya ni ya anayeondoka kwa kudumu, ilhali Nakivale wamo waliowahi kurudi kwao kisha wakakimbia tena. Nani athubutu kuapa kwamba hatarejea?

Lakini kabla ya kuchagua, muuguzi huyu ana kazi ya haraka zaidi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha michango ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha, na makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara si uthibitisho kwamba fedha zilifika. Apige *254# au afungue programu ya NSSF Go, alinganishe mwezi kwa mwezi. Aangalie pia jina: likiandikwa tofauti kwenye hati ya ukimbizi na kwenye kumbukumbu za mfuko, madai yanaweza kukwama. Kurekebisha herufi moja ukiwa Mbarara ni safari ya ofisini. Ukiwa Ohio, ni barua za miezi.