Asisubiri kufika miaka 30

Ujumbe uliozoeleka kwenye kampeni za afya ni kwamba mwanamke aanze kupima saratani ya shingo ya kizazi akifikisha miaka 30. Kwa mwanamke asiye na maambukizi ya VVU, ujumbe huo ni sahihi. Kwa mwanamke anayeishi na VVU, unamchelewesha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema yeye aanze akiwa na miaka 25, na arudie kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, wakati wenzake wanaweza kukaa miaka mitano hadi kumi kati ya kipimo kimoja cha HPV na kingine. Tunataka tofauti hiyo ijulikane na kila anayechukua dozi yake CTC, na tunataka iandikwe kwenye faili lake.

Sababu ya tofauti hiyo inaanzia kwenye kirusi kinacholeta saratani hii, HPV. Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho, na wengi kinga yao hukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wao kujua. Kazi hiyo hufanywa na chembe za kinga zinazotafuta na kuua seli zilizoingiliwa na kirusi, na chembe hizo huongozwa na CD4, ambazo ndizo VVU huzishambulia. Kinga ikipungua nguvu, HPV hubaki. Hukaa ndani ya seli za shingo ya kizazi, hasa pale utando wa nje unapokutana na ule wa ndani, na taratibu seli hizo huanza kubadilika.

Mabadiliko hayo yana mwendo wake. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, huchukua kama miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kama yule mwenye VVU asiyetumia dawa, inaweza kuwa miaka mitano hadi kumi tu. Tupige hesabu. Msichana aliyepata HPV akiwa na miaka 20, huku tayari ana VVU na hajaanza dawa, anaweza kuwa na saratani kati ya miaka 25 na 30. Akiambiwa asubiri afike 30 ndipo apimwe, huenda muda wa kuikuta hali ikiwa bado ya awali umeshapita. Kwa ujumla, hatari ya mwanamke anayeishi na VVU kupata saratani hii ni kama mara sita ya ile ya asiye na VVU.

Hapa wengi hujibu kwa haki kabisa: mimi dawa nakunywa bila kukosa, na kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha havionekani. Ni jambo kubwa, na linasaidia. Mwanamke anayetumia ARV vizuri ana nafuu kuliko asiyetumia, kwa sababu kinga yake inapopanda inapata tena nguvu ya kupambana na HPV. Lakini ARV zimetengenezwa kuzuia VVU kuzaliana; HPV hazikigusi. Na wengi walianza dawa wakiwa wamechelewa, kinga ikiwa imeshashuka sana, na katika miaka hiyo HPV ilishapata nafasi ya kujijenga. Majibu mazuri ya wingi wa virusi hayasemi lolote kuhusu shingo ya kizazi.

Basi kwa nini isiwe miaka 18, au siku ileile anapogundulika ana VVU? Hoja hii ina uzito, na kuna miongozo ya zamani iliyoelekea huko. Tatizo ni kwamba katika umri mdogo maambukizi ya HPV ni mengi mno, na sehemu kubwa huondoka yenyewe hata kwa wenye VVU. Ukimpima binti wa miaka 19 utakuta HPV mara nyingi sana, na utajikuta unatibu vitu ambavyo vingeisha vyenyewe. Matibabu nayo yana gharama yake: kukata sehemu ya shingo ya kizazi kunaweza kuongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huko mbele. Umri wa miaka 25 umechaguliwa kwa kupima pande zote mbili.

Kwa sababu hiyohiyo, mwanamke mwenye VVU hapaswi kutibiwa kwa kipimo cha HPV peke yake. Kwa wengine inaruhusiwa: ukikutwa na HPV, unatibiwa moja kwa moja. Kwa wenye VVU, kwa kuwa wengi wao hukutwa na HPV, mwongozo unataka kipimo cha pili cha kuchuja kabla ya kugusa chochote. Wanapimwa mapema zaidi na mara nyingi zaidi, lakini pia kwa uangalifu zaidi.

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 27, aliye kwenye ARV kwa miaka minne, anayekuja CTC kuchukua dozi. Muuguzi anamuuliza, “Dada, shingo ya kizazi umeshapima?” Hajapima. Anapewa kijiti chenye pamba na kuelekezwa jinsi ya kujichukulia sampuli mwenyewe ukeni, chooni au nyuma ya pazia, bila mtu kumwangalia. Sampuli inaweza kupimwa kwa GeneXpert, mashine ileile ambayo vituo vingi vinaitumia kupima kifua kikuu, na jibu hutoka kwa muda wa saa moja hivi. Akikutwa hana HPV ya aina hatarishi, anapewa tarehe ya baada ya miaka mitatu hadi mitano na kuendelea na safari yake.

Huyu amekutwa nayo. Sasa anaingia chumba cha uchunguzi. Muuguzi anaweka kifaa cha kupanua uke, anapaka shingo ya kizazi asidi ya siki, kisha anasubiri dakika moja hadi mbili. Seli zilizobadilika hugeuka rangi na kuonekana kama doa jeupe lenye mpaka. Kama hakuna doa, harudi nyumbani na kauli ya “uko salama” kwa miaka mitatu. Anarudi baada ya miezi 12, kwa kuwa HPV bado imo. Mwenzake asiye na VVU angeambiwa miezi 24.

Kama doa lipo, muuguzi anajiuliza maswali kabla ya kushika mashine. Je, kuna kinachofanana na saratani yenyewe, kama kidonda kinachotoka damu ukikigusa au kinyama kilichochomoza? Je, doa linaonekana lote, au linaingia ndani ya mlango ambako jicho halifiki? Je, limezidi robo tatu ya shingo ya kizazi? Jibu likiwa ndiyo kwenye mojawapo ya hatari hizo, ni rufaa kwenda hospitali, ambako sehemu hiyo itakatwa kwa waya wa umeme au kuchukuliwa kinyama cha kupimwa. Kama doa ni dogo na lote linaonekana, linachomwa palepale kwa kifaa chenye joto la nyuzi 100 au zaidi, kwa sekunde 20 hadi 30. Mama anahisi maumivu kama ya hedhi. Haanguki, halazwi, anatembea kwenda kwake.

Kinachofuata nyumbani ndicho kinachohitaji maelezo ya kutosha, na mara nyingi hakipewi. Atatokwa na maji maji kwa wiki kadhaa, na kwa wiki nne hadi sita asijamiiane. Kidonda kibichi kinaweza kutoa VVU kwa wingi zaidi kwa mwenzi wake, na chenyewe ni njia rahisi kwa maambukizi mengine. Kama anajua mume hatakubali kusubiri, atoke kituoni na kondomu mkononi, sio na ushauri mtupu. Baada ya miezi 12 anapimwa tena. Akiwa safi, miezi 12 mingine anapimwa tena. Akiwa safi mara zote mbili ndipo anarudi kwenye ratiba ya kawaida. Asiye na VVU angepimwa mara moja tu baada ya matibabu. Kipimo hicho cha ziada kipo kwa sababu kwa mwenye VVU mabadiliko hurudi mara nyingi zaidi, hata pale matibabu yalipofanyika vizuri.

Mambo yanaharibika kwenye mlango kati ya vyumba viwili. Dozi inatolewa CTC Jumanne, na chumba cha uchunguzi wa shingo ya kizazi kinafunguliwa Alhamisi, kwenye jengo jingine, na muuguzi mwingine. Mwanamke aliyelipa nauli kutoka kijijini harudi Alhamisi. Zaidi ya hapo, waliotulia kwenye dawa sasa wanapewa dozi ya miezi sita. Huo ni utaratibu mzuri uliowapunguzia foleni, lakini unamaanisha kituo kinamwona mara mbili kwa mwaka. Nafasi mbili hizo zikipita bila mtu kufungua faili na kuuliza, mwaka umekwisha.

Kwa hiyo tunayotaka ni ya kawaida kabisa. Tarehe ya kipimo cha shingo ya kizazi iandikwe mahali palepale panapoandikwa tarehe ya wingi wa virusi, na muuguzi aione bila kuitafuta. Kipimo kifanyike siku ya dozi. Mashine ya kuchomea iwe kwenye chumba hichohicho, ili anayekutwa na doa saa nne asubuhi awe ametibiwa kabla ya saa sita. Na WAVIU washauri, ambao wanawajua wenzao kwa majina na wanajua nani ameacha kuja, wapewe orodha ya wanawake waliopitiliza tarehe, kama wanavyopewa ya waliokosa dozi.

Kuna kundi moja linalosahaulika kabisa: akina mama waliovuka miaka 50. ARV zimewaweka hai, na wengi wanadhani habari ya shingo ya kizazi imewapita pamoja na hedhi. Mwongozo unaruhusu kuacha kupima baada ya miaka 50 kwa yule tu ambaye vipimo vyake viwili mfululizo vimekuwa safi. Mama wa miaka 56 ambaye hajawahi kupimwa hata mara moja hayumo humo. Na kwake siki haifai sana, kwa sababu umri unavyosogea, sehemu inayotakiwa kuangaliwa huingia ndani ya mlango wa kizazi na jicho halioni kitu. Yeye apimwe HPV, na akikutwa nayo apelekwe kwa daktari mwenye vifaa vya kuangalia ndani. Akiletwa CTC leo na mjukuu wake kuchukua dozi, aanzie hapo.