“Anza na cheo hiki, baadaye tutakupandisha”: umjibu nini?

Mama mmoja wa Arusha, msomaji wa safu hii, ameniletea swali ambalo naamini limeshapita katika nyumba nyingi. Ni Mhasibu Mwandamizi katika kampuni ndogo, analipwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Wakala wa ajira amempigia simu kuhusu kampuni kubwa zaidi ya Dar es Salaam. Kazi atakayofanya ni ileile ya mwandamizi, ila barua itaandikwa “Mhasibu” tu, kwa mshahara wa shilingi 1,600,000. Wakala akaongeza: “Usijali mama, baada ya miezi sita watakupandisha uwe Mwandamizi, na mshahara utafika 2,200,000.”

Ana watoto wawili shuleni. Mume wake anasema waende, kaka yake anasema ni mtego. Yeye anauliza amjibu nini wakala, maana anasubiriwa.

Dada yangu, kabla ya kujibu, mjue kwanza unayezungumza naye. Wakala wa ajira ana kazi kama ya dalali wa nyumba. Dalali anaweza kukuambia mwenye nyumba ataweka tenki la maji mwezi ujao, na pengine ameambiwa hivyo kweli. Lakini ukishahamia, bomba likikauka, huwezi kumdai dalali maji. Wakala naye mara nyingi hulipwa na mwajiri mtu anapoanza kazi. Miezi sita baadaye hatakuwepo kwenye kikao cha kuamua cheo chako. Kwa hiyo anachokuletea ni habari ya ahadi. Mwenye uwezo wa kuahidi ni mwajiri.

Hilo halimaanishi kwamba unadanganywa. Ziko sababu za kweli za kumwanzisha mtu chini. Huenda nafasi ya Mwandamizi haimo kwenye ikama ya mwaka huu na inasubiri bajeti mpya. Huenda kampuni inataka mwandamizi awe na CPA, nawe umebakiza masomo mawili ya mitihani ya NBAA. Au wana wahasibu wengine wa uzoefu kama wako walioanzia hapohapo, na hawataki manung’uniko ofisini. Sababu ya namna hii ina mwanzo na mwisho, na ukiuliza utaelezwa. Ukiuliza ukajibiwa “huo ndio utaratibu wetu”, basi bado hujaambiwa sababu.

Jibu lako la kwanza lisiwe ndiyo wala hapana. Liwe maswali, tena kwa maandishi, hata kama yeye alipiga simu. Unaweza kumwandikia hivi:

“Habari za leo. Nashukuru kwa kunifikiria, na kazi yenyewe nimeipenda. Kabla sijatoa jibu naomba unisaidie kupata majibu ya mwajiri kwa mambo manne. Kwanza, nafasi ya Mhasibu Mwandamizi ipo kwenye ikama na bajeti ya sasa, au inasubiri kuidhinishwa? Pili, nani ataamua kunipandisha, na kwa vigezo gani? Tatu, tarehe ya uamuzi na mshahara wa cheo hicho vitaandikwa kwenye barua ya ajira? Nne, yupo mfanyakazi aliyeanza kwa utaratibu huu akapandishwa? Nikipata majibu nitakujibu ndani ya siku mbili.”

Ujumbe huo hauna ubishi wala haumvunjii mtu heshima. Pia unampa wakala kitu cha kupeleka kwa mwajiri, na hiyo ni sehemu ya kazi yake. Mwajiri mwenye nia ataona anashughulika na mtu makini.

Majibu yakirudi, sikiliza neno moja hasa: “kuthibitishwa”. Mawakala wengi huchanganya kuthibitishwa kazini na kupandishwa cheo. Kuthibitishwa ni kumaliza muda wa majaribio na kubaki na kazi uliyoajiriwa kuifanya. Kwa kanuni zetu hapa Tanzania, muda huo haupaswi kuzidi miezi 12. Ukiambiwa “ukithibitishwa baada ya miezi sita mambo yatakuwa mazuri”, hujaahidiwa cheo wala nyongeza. Umeahidiwa kwamba hutaondolewa. Rudisha swali: “Nikithibitishwa, cheo kitakuwa kipi na mshahara kiasi gani?”

Tuseme majibu ni mazuri. Nafasi ipo, atakayeamua ni Meneja wa Fedha, na wako tayari kuendelea. Hapo ndipo watu wengi hulegea, wakafurahi na kusaini. Usisaini kabla ya kuona ahadi imeingia kwenye barua. Mikataba mingi ina kifungu kwamba makubaliano yote ya pande mbili ni yale yaliyoandikwa humo tu. Ukisaini mkataba wenye kifungu hicho, maneno yote ya simu umeyaweka kando kwa mkono wako mwenyewe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi ya ajira yako, yakiwemo maelezo ya kazi na malipo. Yakibadilika, anatakiwa ayarekebishe kwa kushauriana nawe na akujulishe kwa maandishi. Kwa hiyo unapoomba cheo na mshahara ujao viandikwe, hujaomba jambo geni.

Pendekeza maneno mwenyewe, usiwaachie. Kama utaanza kazi tarehe 1 Machi, andika: “Naomba barua iongezwe sentensi hii: Mwajiri atafanya tathmini ya mfanyakazi kabla ya tarehe 1 Septemba. Akiwa amefikia vigezo vilivyoambatishwa, atapewa cheo cha Mhasibu Mwandamizi na mshahara ghafi wa shilingi 2,200,000 kwa mwezi kuanzia tarehe hiyo.”

Vigezo navyo viwe vya kuhesabika. “Kufunga hesabu za mwezi kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata” kinahesabika. “Kuwasilisha ritani za VAT kabla ya tarehe 20 kila mwezi” kinahesabika. Lakini “kuonyesha uwezo wa uongozi” kinategemea meneja ameamkaje siku hiyo. Na angalia kusiwe na kigezo ambacho hakiko mikononi mwako, kama vile “kampuni ikifikia malengo ya mauzo”. Mhasibu hauzi.

Sasa tuseme wamekataa kuandika. Wamesema sera yao haiwaruhusu kuahidi vyeo kwenye barua. Inawezekana ni kweli. Hapo omba nusu ya ahadi ije sasa. Unaweza kusema: “Naelewa sera yenu. Kwa kuwa majukumu ni ya Mwandamizi tangu siku ya kwanza, naomba cheo kiandikwe hivyo sasa, na mshahara tuupitie baada ya miezi sita.” Cheo peke yake hakiwagharimu shilingi, lakini kwako kina thamani, kwa sababu ndicho kitakachosomwa kwenye wasifu wako na kwenye barua ya utambulisho siku ukitafuta kazi nyingine. Atakayeona ulikuwa Mwandamizi Arusha kisha Mhasibu Dar es Salaam atauliza kilitokea nini.

Kama cheo hakiwezekani kwa sababu ya ikama, geuza ombi. Chukua cheo cha Mhasibu, lakini mshahara uanzie karibu zaidi na ule wa mwandamizi, tuseme 1,900,000. Wakikubali mojawapo ya hayo mawili, wameonyesha nia. Wakikataa yote, na bado wanasema “tuamini tu”, basi umeshapata jibu la swali la kaka yako.

Linalobaki ni hesabu ya nyumbani, na hii mkae wewe na mumeo muifanye pamoja. Tofauti kati ya mshahara wa barua na wa ahadi ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Ahadi ikichelewa mwaka mmoja baada ya ile miezi sita, familia imekosa shilingi 7,200,000 kabla ya makato. Na nyongeza za kila mwaka zikiwa za asilimia, zitahesabiwa juu ya mshahara mdogo. Asilimia 5 ya 1,600,000 ni 80,000. Asilimia 5 ya 2,200,000 ni 110,000.

Upande wa pili, leo mnaongezewa shilingi 100,000 tu. Wekeni hapo nauli ya kuhamisha familia, sare mpya za watoto wawili, na kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo, kama wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam wanavyotaka. Laki moja hiyo itaisha kabla haijafika nyumbani.

Kwa hiyo kipimo changu ni swali moja: ningeikubali kazi hii kama ile ahadi isingekuwepo kabisa? Iko siku jibu litakuwa ndiyo. Labda kampuni unayotoka inachelewesha mishahara, au hulipiwi michango ya hifadhi ya jamii, au mume tayari yuko Dar es Salaam na mmechoka kuishi mbalimbali. Basi nenda kwa sababu hizo, na kupandishwa kukija kuwe nyongeza. Lakini kama kinachokuvuta ni ile 2,200,000 peke yake, na haimo kwenye barua, unaacha mshahara ulio nao kwa ajili ya maneno ya simu.

Ukiamua kukataa, kataa kwa heshima, maana wakala huyohuyo anaweza kukupigia tena mwaka ujao: “Nashukuru sana kwa muda wako. Kwa majukumu haya na cheo hiki nimeona nisihame kwa sasa. Nafasi ya Mwandamizi ikiidhinishwa, nitafurahi tuzungumze tena.” Wapo waajiri ambao bajeti yao hupatikana ghafla baada ya ujumbe kama huo. Isipopatikana, bado una kazi yako.

Ukiamua kukubali, usiandike barua ya kuacha kazi Arusha hadi barua mpya iwe imesainiwa na pande zote mbili na nakala iko mikononi mwako. Mwezi wa nne mwandikie meneja wako barua pepe fupi, umkumbushe tarehe ya tathmini na umwekee orodha ya ulichokamilisha kwa kila kigezo. Usisubiri mwezi wa sita, kwa sababu bajeti huandaliwa mapema, na jina lisilotajwa wakati huo husubiri mwaka mwingine.

Na ada za shule, kodi na mikopo, zipangeni kwa mshahara ulioandikwa kwenye barua. Ule wa ahadi muanze kuutumia siku utakapoonekana benki.