Yai Bichi Si Dawa

Mwezi uliopita nilikwenda Homa Bay kumjulia hali shangazi yangu, aliyekuwa ametoka hospitali. Nilimkuta jirani akimkorogea yai bichi katika maziwa ya vuguvugu, eti apate nguvu. Nikamwomba aache. Nilionekana mkorofi, lakini nilikuwa na sababu.

Yai laweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela. Wengi wetu hudhani vimo katika uchafu wa ganda tu, tukaliosha yai na kuridhika. La hasha. Kuku aliyeambukizwa huweza kuvitia ndani ya yai kabla ganda halijafanyika. Mwenye afya huharisha siku chache akapona. Lakini mgonjwa, mzee, mtoto mchanga au mtu aliyepungukiwa na kinga vyaweza kumwingia katika damu na kumwua.

Ndiyo maana yako mayai yaliyopasturishwa. Yai zima hulazwa katika maji ya digrii 57 hivi kwa muda wa saa moja au zaidi. Vijidudu hufa, na ute haugandi kwa kuwa huhitaji joto zaidi ya digrii 60. Mayai ya pakiti huvunjwa kwanza, yakachanganywa na kupashwa digrii 60 au zaidi kwa dakika chache. Kazi hii haifai kujaribiwa kwa sufuria ya nyumbani. Joto likipungua kidogo vijidudu hubaki hai, likizidi kidogo yai limeiva.

Je, tuyanunue? Kwa yai la kuchemsha hadi kiini kigumu, la kukaanga likaiva vizuri, au la keki, sioni haja. Jiko lako lafanya kazi hiyo hiyo bure. Yananunulika kwa chakula kisichoona moto, kama mayonezi ya nyumbani au ute wa kupambia keki, ingawa ute huo huchelewa kuumuka na hutaka kupigwa zaidi.

Pakiti, kwa upande wake, yamfaa mwenye mkahawa. Mpishi wa Migori akivunja mayai 60 katika ndoo moja alfajiri, yai moja lenye vijidudu huyaambukiza yote, nayo huzidi kuzaana kadiri ndoo inavyokaa kwenye joto. Lita 3 za pakiti hutosha badala yake. Lakini pakiti ikisafiri kwa matatu kutoka Kisumu bila barafu, umenunua hasara. Ikishafunguliwa ikae ndani ya friji, itumike kwa siku 3, iliyovimba itupwe. Asiye na friji ya kutegemewa na avunje mayai machache machache, ayapike papo hapo.

Shangazi tulimkorogea yai lake katika uji uliokuwa ukitokota, tukauacha uendelee kuchemka dakika kadhaa. Alimaliza bakuli zima. Nguvu ya yai ilikuwa ile ile, na pakiti hatukuihitaji.