Umemaliza Loni? Itisha Barua

Wasee, ile meseji ya kushukuru kwa malipo si barua. Inasema pesa imefika, haisemi loni imeisha.

Chukua boda za mkopo hapa Murera. Jamaa anaambiwa Jumatatu amebakisha elfu tisa, anazituma Alhamisi, anapiga selfi na pikipiki. (Selfi sina shida nayo.) Lakini riba ya hizo siku tatu, tuseme shilingi 90, imebaki kwa akaunti. Nani atampigia simu juu ya shilingi 90? Faini zinaipandisha pole pole, na siku anataka kuuza pikipiki ndiyo anajua bado anadaiwa.

Kwa hivyo uliza salio la siku ile ile unayolipa. Ukishatuma, waandikie: jina, namba ya kitambulisho, ya loni, ya pikipiki, na ya muamala wa mwisho wa M-Pesa. Barua yao itaje tarehe loni ilifungwa, salio sifuri, na kwamba hawana dai lolote kwa pikipiki. Wakikupa ile ya "amekuwa mteja mzuri", irudishe.

Usiichanganye na cheti cha CRB, kile cha Metropol au TransUnion. Barua inatoka kwa aliyekukopesha, na CRB wakiendelea kukuonyesha na deni, hiyo ndiyo utawapelekea.

Halafu logibuku haibadiliki yenyewe. Kama jina la kampuni liko hapo pamoja na lako, lazima wajiondoe kupitia NTSA. Ukichukua barua, waulize watafanya hivyo lini, na wakuandikie.