Ujumbe Umefutika, Betri Haijafika

KUTOKA PWETO
Na Mwansa Kabwe

Huku Pweto manseba anaitwa kwa kupungiwa mkono, na hesabu inamalizika palepale mnaposhukia. Lakini mizigo yetu mingi inaanzia Lubumbashi, na huko siku hizi vijana wetu wanaita pikipiki kwa simu ili itoe mzigo dukani na kuufikisha depo, lori linapopakia. Kipande hicho kifupi cha mjini kinaleta ugomvi usiokuwa na ushahidi. Mteja na dereva wanaandikiana ndani ya programu, safari ikiisha mazungumzo yanafungwa, na katika baadhi ya programu huwezi kuyasoma tena.

Tuchukue mzigo mmoja. Mama anayeuza vifaa vya sola sokoni kwetu anamwagiza mdogo wake wa Lubumbashi betri ya dola 120. Kijana anainunua, anaita manseba kwa programu na kumwambia: mkabidhi konvoyeri wa lori, mkononi mwake. Saa 17:52 dereva anaandika, "Konvoyeri hayupo. Niache kwa mlinzi?" Kijana anajibu, "Hapana, mngojee." Saa 17:55 dereva anabonyeza kwamba amefikisha. Usiku lori linaondoka, na linapoingia Pweto halina betri.

Sasa kijana anafungua orodha ya safari zake. Anaona ramani, bei, jina la kwanza la dereva, namba ya pikipiki na nyota alizompa. Maneno hayapo. Dereva anasema aliruhusiwa kuacha mzigo getini, kijana anasema alikataza, mlinzi anasema hakuona kitu. Dola 120 zote zimening'inia kwenye neno moja, "Hapana", na neno hilo halisomeki tena kwenye simu ya yeyote kati yao. Ajabu ni kwamba meseji ya malipo ambayo kijana alitumiwa na kampuni ya simu bado iko kwake, na namba yake ya muamala, na itakaa mpaka aifute mwenyewe.

Sababu ya kufunga mazungumzo naijua na ninaikubali. Programu hizi huficha namba za simu ili dereva asije akamsumbua dada aliyembeba jana, wala abiria mlevi asimtukane dereva usiku wa manane. Mazungumzo yamefungwa kwenye oda, oda ikiisha mlango unafungwa. Lakini kuzuia maneno mapya ni jambo moja, na kuyaondoa ya zamani ni jambo jingine. Mazungumzo ya kusomwa tu, yasiyopokea jibu, hayamsumbui mtu. Yangeweza kuunganishwa na risiti na kubaki kwa wote wawili angalau kwa muda wote ambao kampuni inapokea malalamiko ya safari hiyo. Hilo ndilo ninalodai, na sioni linaharibu nini.

Mpaka hapo tutakapopewa, mteja ajiwekee mwenyewe, na afanye hivyo safari ikiwa bado wazi. Akishaambiwa jambo lenye uzito, apige picha ya skrini wakati huohuo. Picha ya mazungumzo peke yake haitoshi, kwa sababu haisemi ni safari gani. Inatakiwa picha ya pili, ya ukurasa wa safari, yenye jina la dereva, namba ya pikipiki na namba ya oda kama ipo. Mazungumzo yakiwa marefu, ujumbe wa mwisho wa picha ya kwanza uonekane tena juu ya picha inayofuata, mtu asije akasema umeruka maneno katikati. Na picha ya asili usiikate wala usiichore duara jekundu. Ukitaka kuonyesha mahali, chora kwenye nakala.

Kuna kosa moja linafanyika kila siku. Kijana anamtumia dada yake picha hizo kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Zinapofika zimepunguzwa ukubwa, na faili iliyokuwa na jina kama Screenshot_20250614-175301.png, lenye tarehe na saa ndani yake, inageuka kuwa IMG-20250614-WA0003.jpg. Saa imepotea kwenye jina. Azitume kama hati, yaani faili, hapo zitafika zilivyo. Aangalie pia kama mazungumzo yao yamewekewa kujifuta, kwani WhatsApp inaruhusu ujumbe kutoweka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90.

Simu ya sauti ni tatizo jingine, maana madereva wengi wanapenda kupiga kuliko kuandika, na maneno ya mdomo hayaachi kitu. Ukishakata simu, andika palepale kwenye mazungumzo: "Kama tulivyosema sasa hivi, utamngojea konvoyeri." Dereva akijibu sawa, mnayo maandishi. Asipojibu, angalau ujumbe wako una saa yake.

Na saa yenyewe tuiangalie vizuri, sisi watu wa Katanga hasa. Saa 17:52 ya Lubumbashi ni 16:52 Kinshasa, na kama mitambo ya kampuni inahesabu kwa saa ya kimataifa, kwao ni 15:52. Kijana akilalamika kwa ujumbe wa sauti kwamba ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nane, mtu wa ofisini anaweza kutafuta mahali pasipo na kitu na kumjibu kwamba hakuna ujumbe wa namna hiyo. Aandike: 17:52, saa ya Lubumbashi.

Picha ya skrini ina mpaka wake. Kutengeneza ya uongo ni kazi ya dakika chache, na dereva ana haki ya kuitilia shaka. Nguvu yake inakuja ikilinganishwa na nakala ya kampuni, kwa kuwa kilichotoweka kwenye simu yako si lazima kiwe kimefutwa kwenye mitambo yao. Kwa hiyo lalamiko lisiishie kwenye "nirudishieni pesa yangu". Liombe mambo mawili: wayahifadhi mazungumzo ya oda hiyo, na wampe mteja nakala. Ayaombe mapema, maana kampuni haiweki kila kitu milele. Kongo tunayo Kanuni ya Dijitali, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayompa mtu haki ya kufikia taarifa zake binafsi na inayoyatambua maandishi ya kielektroniki kama ushahidi, mradi aliyeyaandika ajulikane na yawe yamehifadhiwa bila kuguswa.

Haya yote yanamhusu dereva pia. Tungegeuza kisa, kijana awe ameandika "Iache kwa mlinzi" kisha akane, manseba ndiye angebaki mikono mitupu, na akaunti yake ikifungwa, chakula cha nyumbani kwake kimekwisha. Ulaya madereva wa Uber na Ola, baadhi yao waliofungiwa akaunti, walikwenda mahakamani kudai taarifa ambazo kampuni hizo zinaziweka juu yao. Tarehe 4 Aprili 2023 mahakama ya rufaa ya Amsterdam iliwapa haki kwa sehemu kubwa. Walilazimika kushitaki ili wasome yaliyoandikwa kuhusu kazi yao wenyewe.

Manseba wa Lubumbashi hana wakili wa kumpeleka huko. Ana simu yake, na dakika zile tatu kabla ya kubonyeza kwamba amefikisha.